Darasa la milioni 20: namna ya kusoma makadirio ya ujenzi wa shule kijijini kwako

Tarehe 10 Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya maendeleo iliyogharamiwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mkopo huo ulikuwa wa takriban shilingi trilioni 1.3, na ulitolewa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu iliyoonekana zaidi vijijini ilikuwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilipewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuripoti Januari 2022. Mwaka 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 160 nyingine kwa madarasa 8,000. Ukigawanya unapata kiasi kilekile, milioni 20 kwa darasa.

Tangu wakati huo, neno "milioni 20" limekuwa kipimo vichwani mwa wengi wetu. Fedha zikifika kijijini, swali la kwanza kwenye mkutano huwa ni kama zinatosha au hazitoshi. Mkuu wa shule anasema hazitoshi, diwani anasema kijiji jirani wamemaliza na chenji ikabaki, na mjadala unaishia hapo kwa sababu hakuna aliyeshika karatasi yenye hesabu.

Karatasi hiyo ipo. Ni orodha ya vipimo na gharama za ujenzi, ambayo wahandisi na mafundi huiita bii-o-kyuu, na wengi vijijini huiita makadirio tu. Katika makala hii tunaifungua na kuisoma mstari kwa mstari, kwa kutumia darasa moja la mfano. Bei na vipimo vya mfano huo ni vyetu, tumeviweka ili hesabu ieleweke. Kwenye saiti yenu mtaweka vyenu.

Bei inakuja baada ya kipimo

Kila mstari wa makadirio una mambo matano: maelezo ya kazi, kizio cha kipimo, kiasi, bei ya kizio kimoja, na jumla. Kwa mfano, mstari unaweza kusema: kujenga ukuta wa bloku za inchi 6, kizio ni mita za mraba, kiasi ni 84, bei ya mita moja ya mraba ni kiasi fulani, na mwisho kuna jibu la kuzidisha kiasi kwa bei. Ukijumlisha mistari yote unapata gharama ya darasa.

Huo ndio mwendo wa kawaida. Mhandisi anaanza na ramani, anapima kila kitu kwenye ramani na kwenye kiwanja, anaweka bei za eneo husika, kisha jumla inajitokeza yenyewe. Katika madarasa ya UVIKO-19 mwendo ulikuwa kinyume. Jumla ilitangulia, milioni 20, ikiwa ileile kwa nchi nzima, na kila halmashauri ikatakiwa kupanga vipimo na bei viingie humo. Tunaelewa kwa nini ilifanyika hivyo: muda ulikuwa mfupi na kiwango kimoja ni rahisi kugawa na kufuatilia. Lakini ukishaijua jumla kabla ya kupima, kuna kishawishi cha kurekebisha vipimo hadi vikubaliane na fedha. Hapo karatasi inapoteza kazi yake.

Kitu kingine cha kuelewa ni mfumo wenyewe wa fosi akaunti. Sheria ya ununuzi wa umma inaruhusu taasisi kujenga yenyewe: inanunua vifaa na kumlipa fundi ufundi tu, bila kumpa mkandarasi kazi nzima. Mkandarasi angeongeza kwenye bei yake faida, gharama za ofisi, usafiri, walinzi na msimamizi wa saiti. Kwenye fosi akaunti gharama hizo hazionekani, na ndiyo maana darasa linaonekana rahisi. Ukweli ni kwamba hazijafutika. Msimamizi wa saiti ni mkuu wa shule, ambaye bado ana vipindi na mitihani. Mtunza stoo ni mwalimu. Wajumbe wa kamati ni wazazi wanaoacha mashamba. Mtu akisema fosi akaunti ni nafuu, muulize amehesabu siku za nani.

Ukuta: kosa linalofanyika kwenye karatasi

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 kwa ndani, kilichojengwa kwa bloku za inchi 6. Ukiuzunguka ukuta wote ukipima katikati ya unene wake, unapata kama mita 32.6. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3 kutoka sakafuni hadi kwenye mkanda, eneo lake ni mita za mraba 97.8.

Lakini darasa lina madirisha na mlango, na mahali pa dirisha hapajengwi bloku. Tuseme madirisha ni manne, kila moja lina upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.5. Hayo yanachukua mita za mraba 10.8. Mlango wa mita 1.2 kwa 2.4 unachukua karibu mita za mraba 2.9. Ukitoa vyote, ukuta halisi unabaki mita za mraba 84 hivi. Hatujatoa nafasi ya linta wala hatujaweka gebo, ili hesabu ibaki nyepesi.

Kwa bloku za kawaida, mita moja ya mraba inakula bloku 9 na kidogo. Mafundi huhesabu 10 ili zile zitakazovunjika ziwe zimeingia. Kwa hiyo ukuta huu unahitaji bloku 840. Sasa angalia kinachotokea mtu akisahau kutoa madirisha na mlango. Atahesabu mita za mraba 97.8, na makadirio yataomba bloku 978. Tofauti ni karibu bloku 138. Bloku moja ikiwa shilingi 1,500, hiyo ni zaidi ya shilingi 200,000 kwa mstari mmoja, katika darasa moja.

Si lazima awe mwizi aliyeandika hivyo. Mara nyingi ni haraka, au makadirio ya darasa jingine yamenakiliwa na kubadilishwa jina la kijiji. Lakini bloku hizo 138 zikishaandikwa, ni lazima ziishie mahali. Ama zitanunuliwa na kubaki uwanjani, ama zitalipiwa bila kuletwa. Mwanakijiji anaweza kuligundua hili kwa futi kamba na kalamu. Pima ukuta kwenye ramani, toa matundu, zidisha kwa 10, kisha linganisha na idadi iliyoandikwa. Ikizidi kidogo, muulize mhandisi ameweka nini humo, kwa sababu huenda ni gebo au ukuta wa msingi. Jibu zuri lipo na linatolewa kwa dakika moja. Jibu likichelewa, endelea kuuliza.

Kuna mstari mwingine wa kuuangalia kwa jicho la karibu. Ni ule ambao kwenye kizio umeandikwa neno "jumla", bila mita wala idadi. Kusafisha kiwanja kunaweza kuandikwa hivyo, na hakuna ubaya. Lakini ukikuta "vifaa vya paa, jumla" na fedha nyingi pembeni, hakuna mtu atakayeweza kusema kama kenchi zimetosha au bati zimepungua. Mstari wa paa unatakiwa useme mbao za ukubwa gani na ngapi, bati za geji ipi na ngapi, misumari kilo ngapi.

Kiwanja cha Bahi si kiwanja cha Mpwapwa

Hapa ndipo fedha sawa kwa kila kijiji zinapogeuka kuwa si sawa. Mkoa wa Dodoma unaonekana tambarare ukiwa barabarani, lakini viwanja vyake vinatofautiana sana.

Katika Bahi na maeneo mengine ya mbuga kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Unapolowa unavimba, unapokauka unasinyaa na kupasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa. Nyumba iliyokaa juu yake bila maandalizi inapanda na kushuka na msimu. Dawa yake ni kuchimba hadi kuupita udongo huo, au kuuondoa na kujaza moramu inayoshindiliwa kwa tabaka, na kuweka nondo kwenye msingi. Yote hayo ni vipimo vinavyoongezeka: mita za ujazo za kuchimba, tripu za moramu, kilo za nondo.

Ukienda upande wa milima ya Mpwapwa, shida inabadilika. Tuseme kiwanja kina mteremko, na kati ya ncha moja ya darasa letu na nyingine ardhi inashuka sentimita 60. Sakafu lazima iwe sawa, kwa hiyo upande wa chini msingi unapandishwa. Kwa wastani umeongeza sentimita 30 za ukuta wa msingi kuzunguka chumba chote. Hizo ni karibu bloku 100 za ziada. Halafu ndani ya msingi kuna shimo la kujaza: mita 9 kwa 7 kwa sentimita 30, karibu mita za ujazo 19 za kifusi kikishashindiliwa. Kifusi kinapungua kinaposhindiliwa, kwa hiyo utaagiza zaidi ya hapo. Kwa lori la mita za ujazo 7, usitegemee chini ya tripu tatu, na nne si ajabu. Kijiji cha tambarare hakina gharama hiyo, lakini fedha ni zilezile.

Na kila mahali katika uwanda huu kuna suala la maji. Zege na lipu vinahitaji maji ya kuchanganyia, kisha maji ya kumwagilia kwa siku kadhaa, angalau saba, ili saruji ikomae badala ya kukauka tu. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, na miezi mingine maji ya kisimani yanagombaniwa na watu na mifugo. Mtu anayejenga Septemba au Oktoba analeta maji kwa boza au kwa mkokoteni wa punda, na analipa. Mstari wa maji usipoandikwa kwenye makadirio, fedha zake zitatoka kwenye mstari mwingine, au zege halitamwagiliwa. Zege lisilomwagiliwa halionyeshi kitu siku ile. Baada ya miezi michache sakafu inaanza kutoa vumbi na kuchimbika chini ya miguu ya viti.

Ndiyo maana tunasema swali la kama milioni 20 zinatosha halina jibu moja. Makadirio yaliyofanywa vizuri kwa kiwanja chenu ndiyo yangewapa hoja ya kuiambia halmashauri, kabla kazi haijaanza, kwamba hapa panahitajika nyongeza kwa sababu ya mteremko au udongo, na nyongeza hiyo ni kiasi hiki. Bila karatasi hiyo, upungufu unajulikana wakati paa halijapigwa.

Sakafu: upungufu unaofanyika ardhini

Kwenye ukuta tuliona karatasi ikizidishwa. Kwenye sakafu karatasi inaweza kuwa sahihi kabisa, na kazi ikapunguzwa saiti.

Jamvi la darasa letu lina unene wa sentimita 10. Mita 9 kwa 7 kwa sentimita 10 ni mita za ujazo 6.3 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne, mita moja ya ujazo ya zege inakula mifuko 6 na robo hivi ya kilo 50. Jamvi zima linakula mifuko 40.

Sasa fundi anapunguza unene, anamwaga sentimita 7. Zege linakuwa mita za ujazo 4.4 na saruji mifuko 28. Mifuko 12 imebaki, na kwa bei ya mfano ya shilingi 17,000 ni shilingi 204,000. Ukitazama sakafu iliyokwisha kupigwa niru huwezi kuona tofauti. Inang'aa vilevile.

Unene unaonekana kabla ya zege kumwagwa tu. Fundi mzuri huweka vigingi au mbao za pembeni kuonyesha usawa wa juu wa zege. Funga uzi kutoka kigingi hadi kigingi, kisha pima kwenda chini hadi kwenye mawe yaliyopangwa. Pima pembeni na katikati, sehemu tano au sita. Ukipata 10 pembeni na 6 katikati, kifusi kimejaa kupita kiasi na kinatakiwa kupunguzwa siku hiyohiyo.

Njia ya pili ni stoo. Fosi akaunti ina kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya manunuzi inakusanya bei za maduka na kuchagua. Ya mapokezi inahesabu mzigo ukifika na kusaini. Kamati hizi zimetenganishwa kwa makusudi, ili aliyechagua duka asiwe ndiye anayethibitisha kwamba mzigo umefika. Mahali ambapo watu walewale watatu wamesaini kila karatasi, utengano huo haupo, hata kama mihuri imejaa.

Leja ya stoo inaandika kilichoingia, kilichotoka, kimetoka kwa kazi gani, na kilichobaki. Siku ya jamvi inatakiwa ioneshe mifuko inayokaribia 40. Ikionesha 40 huku vijana waliobeba wanasema walibeba chini ya 30, mna jambo la kuzungumza. Kuhesabu mifuko mitupu jioni ni kazi ya dakika kumi, na kamati nyingi huiacha.

Fedha za ufundi, na jasho la wananchi

Mkataba wa fundi katika fosi akaunti ni wa ufundi peke yake. Njia iliyo salama ni kuugawa kwa hatua, na kila hatua kulipwa ikishakamilika. Tuseme fundi amekubali shilingi milioni 4 kwa darasa letu. Mgawanyo unaweza kuwa hivi: msingi hadi jamvi milioni 1, kuta hadi mkanda 900,000, kupaua 600,000, lipu na sakafu 900,000, rangi, milango na madirisha 400,000, na 200,000 zinazuiwa hadi kipindi cha uangalizi kiishe.

Kazi nyingi hukwama kwa sababu ya mpangilio huu kuvunjwa, hata pale ambapo bei ilikuwa sawa. Fundi anaomba kidogo cha kulipa vijana wake, kisha kidogo cha mgonjwa, kisha cha nauli. Kuta zikifika kwenye mkanda alitakiwa awe amepokea milioni 1.9, kumbe amepokea milioni 2.8. Kazi iliyobaki ina thamani ya milioni 1.9, na zuio la 200,000 juu yake, lakini mfukoni mwa mradi kwa ajili yake zimebaki milioni 1.2. Fundi naye anajua hesabu. Msimu wa kilimo ukianza au akipata kazi mjini, anaondoka, na fundi wa pili hatakubali kupaua na kupiga lipu kwa hasara. Hapo ndipo unapoona boma limesimama miaka miwili, na kila anayepita anasema serikali haikuleta fedha za kutosha.

Jambo la pili katika fedha za ufundi linahusu nguvu za wananchi. Katika vijiji vingi vya Chamwino, Kongwa, Kondoa na kwingineko, wananchi huchimba msingi, husomba mawe na mchanga, na kina mama huchota maji. Ni utaratibu wa siku nyingi na umejenga shule nyingi. Lakini angalia makadirio: je, kuchimba msingi kuna mstari wenye fedha? Kama upo, na wananchi wamechimba bure, fedha za mstari huo zimeokolewa na zinatakiwa zionekane zimehamishiwa wapi. Zinaweza kuwa zimeziba pengo la bei ya nondo, na hilo ni jambo la heri. Cha msingi ni kwamba uhamisho huo uandikwe na kusomwa mkutanoni. Mchango wa wananchi usipoandikwa kwa thamani yake, darasa linalofuata litapangiwa fedha pungufu kwa sababu takwimu zitaonesha la kwanza lilitosha.

Kabla hakijafunikwa

Usimamizi wa kitaalamu ni wa mhandisi wa halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Ukigawanya madarasa 15,000 ya mwaka 2021 kwa idadi hiyo unapata zaidi ya 80 kwa kila halmashauri kwa wastani, ndani ya miezi isiyofika mitatu, na idara ya ujenzi ndiyo ileile yenye zahanati na majengo mengine ya kusimamia. Hata mhandisi mwenye bidii na gari lenye mafuta hawezi kuwa kila saiti kila wiki. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimegusa udhaifu huu wa usimamizi katika fosi akaunti zaidi ya mara moja.

Kwa kuwa hawezi kuja kila siku, siku chache anazokuja zichaguliwe vizuri. Tunadhani kanuni rahisi kuliko zote ni hii: aje kabla kitu hakijafunikwa. Mtaro wa msingi uonekane kabla ya zege la chini, maana ukishamwagwa hakuna ajuaye kama umefika udongo mgumu. Jamvi lipimwe kabla halijamwagwa, kama tulivyoeleza. Nondo za mkanda zihesabiwe kabla ya zege: ni ngapi, milimita ngapi, na ringi zake zimepishana umbali gani. Kenchi zikaguliwe kabla ya bati. Ukuta ukishapigwa lipu na rangi, mgeni rasmi anaweza kukata utepe, lakini hawezi kukagua.

Mkanda tunautaja kwa sababu ya pekee. Dodoma iko katika eneo la Bonde la Ufa na matetemeko huwa yanapita. Mkanda ndio unaofunga kuta nne ziwe kitu kimoja, na unapunguza nyufa hata pale ardhi inapocheza kidogo. Nondo zake zikiwa nne za milimita 12 kwenye karatasi, halafu saiti zikawekwa mbili, zege linaficha tofauti hiyo milele.

Kila ukaguzi uishie kwenye maandishi: tarehe, alichokiona mhandisi, alichoagiza, saini yake. Karatasi hiyo ndiyo inayofungua malipo ya hatua inayofuata. Mkuu wa shule akishinikizwa kulipa kabla yake, anayo sababu ya kukataa bila kugombana na mtu. Siku hizi manunuzi ya taasisi za umma yanapita pia kwenye mfumo wa NeST, na hilo linasaidia kuonyesha nani aliuza na kwa bei gani. Mfumo hauoni unene wa sakafu, hata hivyo. Hilo bado ni kazi ya mtu aliyesimama pale na futi kamba.

Na mhandisi anakujaje? Kwenye makadirio mengi ya darasa hakuna mstari wa mafuta ya gari lake, na halmashauri ikisema haina fungu, ziara zinakosekana. Kabla kazi haijaanza, kamati iulize nani analipia safari hizo na ziko ngapi. Ni fedha kidogo ukilinganisha na kubomoa mkanda.

Umaliziaji

Fedha zikipungua, hazipungui kwenye msingi. Zinapungua mwishoni, kwa sababu kila kosa la nyuma limekwisha lipwa. Ndiyo maana madarasa mengi yana kuta nzuri na paa, lakini milango ni ya mbao mbichi, rangi imepigwa mkono mmoja, na ubao umechorwa juu ya lipu isiyosawazishwa. Ukitaka kujua mapema kama darasa lenu linaelekea huko, subiri kuta zifike kwenye mkanda, kisha uliza maswali mawili: fedha zilizotumika hadi leo ni ngapi, na makadirio yalisema zitumike ngapi hadi hatua hii. Tofauti ikiwa shilingi laki chache bado inaweza kurekebishwa. Ikiwa milioni mbili, jadilini sasa ni mstari gani utakaokatwa, na nani ataandika barua ya kuomba nyongeza. Ulizeni pia kama viti na meza vimo ndani ya fedha hizo, kwani mstari huo huwa unakumbukwa wiki ya mwisho.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Omba makadirio yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule au wa ofisi ya kijiji tangu siku ya kwanza, yakiwa na vipimo vyake, si jumla peke yake. Wakikubali, yapige picha kwa simu yako. Zile 200,000 za zuio la fundi zisitolewe hadi mvua za kwanza zipite na mtu aingie ndani kutazama juu kama bati zinavuja, na chini ya madirisha kama kuna ufa.